Daftari la "hakuna"

Jumapili, duka limefungwa, nimelikalia lile daftari dogo la kando ya droo ya pesa. Huu mwezi wa pili sasa, kila nikimjibu mteja "hakuna", naandika vitu vitatu: kaulizia nini, ni nani, na baada ya jibu langu alifanyaje.

Kwa haraka haraka, kitasa cha namba ndicho kinachoongoza, mara 14. Zamani ningekimbilia kuagiza. Ndivyo nilivyofanya na taa za sola, na hadi leo katoni naifuta vumbi. Lakini mara 6 kati ya hizo 14 ni mtu yuleyule, na karibu wote waliobaki waliulizia huku wakilipia kitu kingine, wakaenda zao. Juzi nilimwambia yule muulizaji sugu, "Acha nusu ya bei, Alhamisi nakuletea." Akacheka. "Nilikuwa naulizia tu, bosi."

Bomba la nusu inchi la kukatiwa limeulizwa mara 9 tu. Ila ni watu 8, na 5 kati yao waliacha kaunta hata koki na gundi walizokwisha kuzishika, wakaondoka mikono mitupu. Hapo ndipo nilipoumia. Mimi bomba nauza zima, mita 6. Fundi mmoja wa siku nyingi aliniuliza, "Nahitaji mita 2 tu. Hizo nyingine nizipeleke wapi, na kwa pikipiki?"

Kukata si tabu, msumeno upo. Tabu ni vipande vinavyobaki. Nikikata mita 2.5 mara mbili, nabaki na mita 1 isiyo na mwenyewe. Kwa hiyo nimeamua nikate mita 2 au mita 3 tu, na bomba lililoanza kwa mita 2 limalizikie kwa mita 2. Nikilichanganya, mita 4 zilizobaki nikizitoa 3, ile mita 1 imerudi palepale. Anayetaka 2.5 achukue 3, apunguze mwenyewe. Bei ya kila mita nimeipandisha kidogo, maana kipande cha mwisho kinaweza kusubiri wiki nzima.

Nimeanza na mabomba mawili, basi. La kwanza nililikata upande. Fundi akaligeuza, akapitisha kidole ukingoni, akanirudishia: likiwa limepinda hivi haliingii hadi mwisho wa kiungo, na pale gundi isiposhika ndipo maji yanapotokea. Nikalikata upya kwa kulizungushia karatasi ili mstari uwe sawa, nikakwangua makombo kwa kisu. Hasara, sentimita chache.

Mabomba yote mawili yameisha kabla ya Jumamosi. Jana kuna mtu kaulizia kama nakata na mabati, mara mbili kwa siku moja. Nimemwandika, lakini kwenye hesabu bado ni mmoja.