Waliojiandikisha, waliofika, na sahani za mama mpishi: hesabu yangu Lubumbashi

Kongamano letu la siku moja hapa Lubumbashi lilikuwa na mistari 240 kwenye orodha ya kujiandikisha. Jioni, mlangoni tulikuwa tumeingiza watu 187. Mwenzangu mmoja akapiga hesabu haraka: 53 hawakuja, yaani asilimia 22. Nilimwomba tusipeleke namba hiyo kwa wafadhili kwanza, kwa sababu 240 na 187 hazihesabu watu walewale.

Nilianza na majina yaliyorudiwa. Mtu anajiandikisha kwa simu yake, kisha katibu wa ofisi yake anamwandikisha tena, jina likiwa limegeuzwa. Jina halisaidii hapo. Namba ya simu ndiyo inasaidia. Lakini mmoja anaandika +243, mwingine anaanza na 0, mwingine anaweka nafasi katikati. Nikachukua tarakimu tisa za mwisho tu. Eksel yetu ni ya Kifaransa, na simu ziko safu ya B:

```
=DROITE(SUBSTITUE(B2;" ";"");9)
```

Nikapanga orodha kwa safu hiyo mpya, wale wa mara mbili wakakaa jirani. Mistari 14 ikatoka, wakabaki watu 226. (Angalia kabla ya kufuta: wakati mwingine mume na mke wameandika simu moja.) Kati yao, 11 walikuwa wametupigia mapema kusema hawaji. Hao siwahesabu kama wasiofika, maana nafasi zao tulikwisha kuziachilia. Tuliowangojea kweli ni 215.

Upande wa mlango, safu ya D ilikuwa na hali ya kila mtu: ameandikishwa, ameghairi, au mlangoni. Safu ya E ilikuwa ya saa ya kuingia, iliyowekwa kwa Ctrl na nukta mbili. Wale 187 walikuwa na watu 31 wa mlangoni, ambao hawakuwa kwenye orodha kabisa. Basi waliojiandikisha wakafika ni 156. Wasiofika nikawapata hivi:

```
=NB.SI.ENS(D2:D400;"ameandikishwa";E2:E400;"")
```

Ikatoa 59. Ukigawanya kwa 215, ni asilimia 27, si 22. Watu wa mlangoni walikuwa wameficha pengo.

Fomula hii inategemea mlango. Asubuhi foleni ikiwa ndefu, vijana wanaruhusu watu kupita bila kuandika saa, na mtu aliyeketi ukumbini anahesabiwa hakuja. Kwa hiyo kabla ya chakula cha mchana tulihesabu vichwa na kulinganisha na safu ya E. Umeme ukikatika, orodha iliyochapishwa iko mezani, saa inaandikwa kwa kalamu.

Kwa mkutano unaofuata tunangojea watu 180, na kuingia ni bure kama safari hii. Asilimia 73 yao ni 131. Wa mlangoni nawaweka peke yao, 30 hivi. Mama mpishi nimemwambia apike sahani 165. Kama tungetoza kiingilio, nisingetumia asilimia hiyo, kwa sababu aliyelipa hakosi kirahisi.