Mkono wangu mgumu na wazee wa Mafinga

Mi nilikuja Mafinga kununua viazi nikitokea Dar, na huko Dar nilishazoea ile ya kubana mkono kwa nguvu ili uonekane mtu wa maana, tulifundishwa hivo wakati wa kutafuta kazi. Sa siku ya kwanza napelekwa kwa mzee mwenye shamba, nkampa kamwene, salamu ya Kihehe, ya kubabaisha alafu nkambana kiganja haswaa. Mzee akakunja uso, bega likapanda juu. Kumbe vidole vyake vina baridi yabisi, na ilikuwa mwezi wa 6, baridi ya huku unaijua.

Hakusema kitu ila bei siku hiyo haikushuka hata mia.

Dalali wangu ndo akanielekeza njiani. Ingiza kiganja chote mpaka kidole gumba chako kigusane na chake, maana ukimuwahi vidole peke yake ndo unamponda, alafu usibane, subiri uone yeye anabana kiasi gani umfate hapohapo. Vidole vyake visipojikunja jua vinauma, we uache mkono umekaa tu. Mkono wa kushoto ushike kigasha chako cha kulia, uiname kidogo, hiyo ndo heshima. Na usiwahi kuchomoa! Mi nilikuwa natikisa mara mbili natoa, kumbe mzee anaweza akakushika mpaka amalize kuuliza safari, watoto na mvua, na ukichomoa anaona unamkimbia.

Shambani nkakosea tena. Mama mmoja anachimba viazi, mikono matope matupu, akanikunjia ngumi akanisogezea kifundo cha mkono, mi nikawa nahangaika kukitafuta kiganja, wenzake wakacheka kweli. Pale unashika kifundo kilekile taratibu, salamu imeisha. Mtu akiwa anakula ugali ndo usimnyooshee mkono kabisa, shikamoo ya mdomo inatosha, akitaka atakupa kifundo mwenyewe.

Ishu ilikuwa mafua. Wiki ya pili nimepata mafua makali na natakiwa nirudi kwa yule mzee. Hapa kuwahi ndo kila kitu, kwa sababu mkono wake ukishanyooka ukaukataa hata ukieleza vipi inakuwa umemdharau. Kwa hiyo nikiwa bado mlangoni, hatua kama tano, nkaweka kiganja kifuani nkainama, nkasema "Shikamoo mzee, leo sikupi mkono, nina mafua nisije nikakuambukiza." Akajibu marahaba, akacheka, akanyoosha mguu. Akanikumbusha 2020 wakati wa korona Magufuli na Maalim Seif walivyosalimiana kwa miguu pale Ikulu. Basi tukagusanisha mabuti yetu yenye matope, akaniita ndani nikaote moto, viazi tukaanza kuvizungumza upya.