"Pole na kazi" kwa Kiingereza

Jana dada mmoja wa ofisini aliniletea baruapepe ya kumwandikia mteja wa nje: "Pole na kazi. Naomba unitumie ankara kabla ya Ijumaa." Alikuwa ameshaitafsiri: "Sorry for work. I beg you to send..." Hapo mteja angejiuliza kosa gani limetendeka, na huyu anambembelezea nini.

Pole tukaigeuza: "I hope your week is going well." Ombi tukaliweka kama swali: "Could you send me the invoice by Thursday?" Heshima yote ya "naomba" imehamia kwenye hilo "could". Na Alhamisi ni makusudi, maana "by Friday" hujumuisha Ijumaa yenyewe.