Saini 61, watu 38
Jana nimekesha na karatasi za mahudhurio za mafunzo yetu ya siku 2 huko Kilosa. Mfadhili anataka idadi ya wanawake na vijana kwa kila kijiji, karatasi ina jina, simu na saini tu. Sasa Zawadi ni Me au Ke? Na Amani? Nikapiga simu mmoja mmoja. Kumbe 23 wamesaini siku zote mbili!

Karatasi mpya ina Me/Ke, kijiji anakoishi mtu (siyo cha ukumbi) na umri kwa miaka, maana kijana kwa mfadhili mmoja ni 15–24, kwa mwingine hadi 35. Mwenzangu atakaa mlangoni, asiyeandika aandikiwe, aweke dole gumba.