Vitone viwili na koma moja vilivyonitoa jasho

Mlango ulikuwa na kibandiko cha Kijerumani. Nikakipiga picha, programu ya kutafsiri ikanijibu: "Tafadhali chapisha." Basi nikasimama pale, mtu mzima na akili zangu, natafuta printa iko wapi. Akaja mtu nyuma yangu, akausukuma mlango, akapita zake.

Kibandiko kiliandikwa drücken, yaani sukuma. Simu ilisoma drucken, yaani chapisha. Vile vitone viwili juu ya u vilipotea, na bahati mbaya neno lililobaki nalo ni Kijerumani safi, kwa hiyo tafsiri ilitoka laini bila dalili ya kasoro.

Wajuzi wakaniambia: geuza tafsiri irudi kwenye lugha yake, ikilingana uko salama. Ushauri huu unanikera mpaka leo! Nilijaribu, "chapisha" ikarudi drucken, ikalingana barabara na kosa lenyewe. Ukigeuza unampima mtafsiri. Aliyesoma picha vibaya hujamgusa.

Siku hizi tafsiri naisoma mwisho. Kwanza nafungua yale maandishi ambayo simu inadai imeyaona, nayaweka kando ya picha niliyoikuza, kisha navisaka vitu vidogo: vitone, koma, nukta. Picha ikiwa na ukungu au mng'ao, alama ndogo hugeuka kama uchafu tu na kuachwa. Herufi zenyewe nazo zina vituko vyake, r na n zikibanana husomwa m, ila hizo mara nyingi huzaa neno lisiloeleweka, unashtuka mwenyewe. Tarakimu haikushtui.

Hapo ndipo chupa ya mbolea ya maua iliponikuta. Tafsiri ilisema mililita 25 kwa lita moja ya maji. Nilishashika kizibo, nikaona chini ya lebo kwamba chupa inatosha lita 40. Chupa yenyewe ni mililita 100! Kwa kipimo cha 25 ingeisha kwenye lita 4. Nikagawa 100 kwa 40, nikapata 2.5. Wajerumani huandika 2,5 kwa koma, na koma ile ilikuwa imekaa pale chupa inapopinda, taa imeimulika ikamezwa.

Nilipiga tena bila taa ya simu, nikageuza chupa kidogo mng'ao ukahama, na nikachukua mstari ule mmoja tu ujae kwenye kioo. Koma ikatokea. Ingegoma kutokea, ningeandika 2,5 kwa mkono kwenye programu. Jicho langu lilikuwa limeshaiona kwenye lebo. Kwa herufi kama ü nabonyeza u kwa muda kwenye kibodi ya simu, inajitokeza.

Maua yalinusurika chupuchupu. Ule mlango bado nauonea haya.