Siku moja maishani mwangu: naandika matangazo ya krimu za uso, na siuzi mkorogo

Mama mkwe wangu mpaka leo anaamini nauza mkorogo. Nimemweleza zaidi ya mara tatu kwamba mi naandika maneno tu, yale ya kwenye kopo, kwenye posti na kwenye bango la dukani, lakini yeye akisikia vipodozi anasikia kujichubua, basi imeisha hiyo. Wengine wanaona kazi yenyewe ni kulipwa kudanganya watu. Kwa hiyo nawapa Jumanne iliyopita yote kama ilivyokuwa, mjionee.

Saa 11 alfajiri nimeamka, chai, mtoto nimemfikisha shule, daladala nimesimama mpaka Sinza, saa 2 na nusu nipo mezani. Mpaka saa 4 nilikuwa na kapsheni mbili za sabuni ya maji na lebo moja ya losheni. Hamna stori hapo.

Saa 4 na robo ikaingia voisi ya dakika 6 kutoka kwa dada mmoja mwenye krimu yake ya uso, anatengenezewa na kiwanda kidogo hapa hapa Dar. Nyuma ya sauti yake kuna jenereta. Anasema mdogo wangu tangazo nimeshaliandika mwenyewe, we lipambe tu. Nanukuu: "TIBA YA UHAKIKA ya madoa sugu, chunusi na melasma! SIKU 7 TU! Asilimia 87 madoa yameondoka! Asilia 100%, haina kemikali, haina madhara!"

Sasa krimu yenyewe sio mbaya, hilo niliseme mapema. Nina karatasi ya kiwandani: maji, gliserini, siagi ya shea, asilimia 4 ya niasinamaidi ambayo ni aina ya vitamini B3, na finoksiethanoli ya kuifanya isiharibike. Ni krimu nzuri ya kawaida. Tatizo ni kwamba maneno yake yanauza kitu kingine kabisa.

Nikaanza na "tiba". Hapa kwetu vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, zamani ilikuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ambayo sasa inaitwa TMDA na imebaki na dawa na vifaa tiba. Krimu hii imesajiliwa kama kipodozi, maana yake kazi yake ni kusafisha, kulainisha, kupendezesha, kubadilisha jinsi ngozi inavyoonekana. Ukiandika inatibu, inaponya au inazuia ugonjwa, umeitoa kwenye kabati la vipodozi ukaiweka kwenye kabati la dawa bila vipimo vya dawa. Na melasma ni jina la tatizo la ngozi, yale mabaka meusi ya usoni, ambalo daktari ndiye analipima, sio mapambo ya kwenye kapsheni. Dada akanijibu, mbona watu wote wanaita dawa? Hapo ana pointi kidogo, maana Kiswahili chetu kina dawa ya meno, dawa ya nywele, dawa ya mende, na mteja akija dukani anasema nipe ile dawa ya uso. Mteja aite anavyotaka. Sisi tukiandika, ndio tumeahidi.

Siku 7 nazo. Nikamuuliza, siku 7 za nini? Unyevu mtu anausikia siku hiyo hiyo, gliserini inavuta maji na shea inayazuia yasitoke, kwa hiyo ukisema ngozi laini ndani ya wiki sina ugomvi. Lakini doa ni rangi iliyokaa ndani ya ngozi, na ngozi ya mtu mzima kujibadilisha ile tabaka ya juu inachukua kama wiki 4, ukizeeka ndio inachelewa zaidi. Majaribio ya niasinamaidi kwenye madoa yenyewe huwa ya wiki 8 hivi. Na ukipaka ukakaa juani bila sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, doa linarudi na ndugu zake. Huwa najiuliza kila ahadi na muda wake kama vinaendana, maana uongo mwingi wa vipodozi uko pale, kazi ni ya kweli ila tarehe ni ya uongo.

Halafu ile asilimia 87. Nikamwomba karatasi. Akaileta saa 6 kasoro baada ya kuniuliza mara mbili kama simwamini. Ni fomu za wanawake 30 waliopewa krimu wakae nayo wiki 4, na swali moja lililopata jibu zuri linasema: "Je, ngozi yako imekuwa laini zaidi?" Waliosema ndiyo ni 26. Ukigawanya 26 kwa 30 unapata 86.7, ukiivuta juu ni 87. Hesabu iko sawa kabisa! Ila hakuna aliyeulizwa kuhusu madoa, na hakuna aliyepima kitu, ni watu wamesema wanavyojisikia. Namba ya ulaini imehamishiwa kwenye madoa kama mtu anayehamisha lebo ya bei dukani. Nikamwambia dada hii namba naipenda, naiandika yote, ila naiandika ikiwa mahali pake: wanawake 26 kati ya 30 walisema ngozi zao zimekuwa laini zaidi. Akasema 26 kati ya 30 inaonekana ndogo. Ndio, kwa sababu ni watu 30. Asilimia 87 bila kutaja ni ya watu wangapi inamfanya msomaji afikirie uwanja mzima.

"Haina kemikali" sikuibishania sana, nikamwambia kiambato cha kwanza kwenye kopo lako ni maji na maji nayo ni kemikali, na ile finoksiethanoli ukiitoa, krimu yenye maji itaota ukungu stoo kwako. Akacheka. "Haina madhara" nikaitoa kimya kimya, maana kuna mtu mmoja mahali atapaka awashwe, yupo tu.

Saa 7 wali maharage, dakika 15.

Baada ya hapo saa sijui, mchana ulinitoka. Dada akatuma picha za kabla na baada, za shoga yake. Za kwanza uso una madoa, za pili uso kama yai. Nikazikuza. Ukutani nyuma yake kuna kanga imetundikwa, picha ya kwanza kanga ni ya rangi ya machungwa, picha ya pili kanga ile ile imekuwa njano mbivu. Kanga haikupaka krimu. Ya kwanza imepigwa usiku chini ya balbu, kivuli cha pua kinaangukia mdomoni, ya pili imepigwa dirishani mchana, kivuli hamna, na kwenye paji la uso hata vinyweleo vimepotea, maana yake kuna filta. Nikatafuta kidoa kimoja karibu na sikio la kushoto, pale filta huwa inachoka, nikakikuta bado kipo kimekaa. Nikazituma zote mbili zikiwa zimekuzwa, nikamwandikia dada tunahitaji picha mpya, sehemu ile ile, dirisha lile lile, saa ile ile, uso haujapakwa kitu, picha isiwekwe filta. Akanyamaza nusu saa. Mi nilishajua huo ukimya, ndio ule wa kumpigia bosi wangu.

Na kweli akampigia. Bosi akaja akasimama nyuma ya kiti changu, nikamwonesha kanga. Akasema "eeh", akaondoka. Hiyo ndio sapoti ya kazini kwetu na nimeikubali.

Kilichonichosha kuliko vyote kikafuata, skrinshoti ya WhatsApp. Mteja wake ameandika: "Da imeniponya pumu ya ngozi niliyosumbuka nayo miaka." Dada anasema hii sio mimi nimesema, ni mteja kasema, tuiposti tu! Hapa tulizunguka sijui mara ngapi. Inawezekana kabisa huyo mama amepata nafuu, ngozi yenye pumu huwa kavu sana na mafuta mazuri yanasaidia ukavu, simwiti muongo. Lakini ukichukua maneno yake ukayaweka kwenye ukurasa wako na bei chini, yameshakuwa maneno yako. Mtu mwingine mwenye mtoto anayejikuna mpaka damu ataona posti, ataacha dawa aliyopewa hospitali, atanunua kopo. Nikasema hapana. Akabembeleza, akakasirika, akanitumia posti ya mshindani wake aliyeandika mabaya zaidi. Nikasema bado hapana, kichwa kinagonga, jua la jioni linapiga kwenye skrini.

Tulichobaki tunasumbuana ni neno moja. Alitaka "inang'arisha". Kwenye makaratasi ni neno safi, ila Kariakoo ukiandika inang'arisha mtu anasoma inatoa weusi. Niasinamaidi haikufanyi mweupe, kinachofanyika ni kwamba rangi inayopelekwa kwenye seli za juu inapungua. Nikaandika "uso uonekane wa rangi moja". Na nilikubali kuitaja niasinamaidi kwa sababu ipo asilimia 4 ya kweli na barua ya kiwanda ninayo. Wapo wanaoweka tone la kiambato ili tu jina liingie kwenye kopo, halafu wanasifia kiambato, sio krimu. Hao siandikii.

Alitaka pia "haina haidrokwinoni wala zebaki" kwa herufi kubwa juu kabisa. Hivyo ni vitu vya kuchubua ngozi na vimekatazwa kwenye vipodozi, kujisifu huna ni kama mwenye bucha kuandika nyama yetu haijaoza. Ila najua soko letu, mnunuzi ana haki ya kuuliza. Tukakubaliana iwe jibu kwa anayeuliza, isiwe kichwa cha tangazo.

Giza limeingia ndio nikatuma hii: "Krimu ya uso ya kila siku, yenye siagi ya shea na niasinamaidi asilimia 4. Inaipa ngozi unyevu na kuiacha laini. Wanawake 26 kati ya 30 walioitumia wiki 4 walisema ngozi zao zimekuwa laini zaidi. Ukiendelea nayo wiki 8 na sanskrini mchana, inasaidia uso uonekane wa rangi moja." Dada akajibu kwa emoji ya dole gumba, moja tu. Mistari minne, siku nzima, na nawaambia ukweli naipenda. Inauza na hakuna neno siwezi kulisimamia.

Nyumbani saa 3 usiku, mtoto kalala. Saa 5 kasoro nachungulia posti, kuna dada ameuliza: "Inatibu melasma?" Nikamjibu kwa akaunti ya chapa: "Hapana dada, hii ni krimu ya kulainisha ngozi. Melasma mwone daktari wa ngozi kwanza, na ukiwa bado unasubiri, vaa sanskrini kila siku."

Dakika 2 hazijaisha, voisi imeingia. Nimeona ni ya dakika 4. Sikuifungua, nikaichomeka simu chaji nikalala.