Protini kwanza, mafuta pili, wanga hupewa kinachobaki

Nina kilo 80, na nikila kalori kama 2,300 kwa siku uzito wangu hausogei. Ili nipunguze mafuta mwilini nilitoa 400, nikabaki na 1,900.

Katika hizo, protini ndiyo hukata fungu lake kwanza. Mwili unaopewa chakula pungufu huchoma mafuta, lakini huvunja na misuli. Kinachoilinda ni protini ya kutosha pamoja na kunyanyua vyuma. Nilichukua gramu 1.8 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 144. Gramu moja ina kalori 4, kwa hiyo 576 zimeshatumika. Mwenye unene mkubwa apige hesabu kwa uzito anaoulenga, la sivyo protini itajaa sahani bila faida. Mwenye ugonjwa wa figo aanzie kwa daktari.

Mafuta yana kiwango ambacho sipendi kushuka chini yake, kwa sababu homoni huyahitaji na vitamini A, D, E na K hufyonzwa kwa msaada wake. Niliweka gramu 0.8 kwa kilo: gramu 64. Hapa kila gramu ina kalori 9, hivyo zinakwenda 576 nyingine.

Zinabaki kalori 748. Gawanya kwa 4, unapata gramu 187 za wanga. Wanga ndiyo inayosubiri kwa kuwa mwili unaweza kujitengenezea glukosi, ila hauwezi kujitengenezea protini zote wala mafuta yote unayohitaji.

Ugumu uko jikoni. Maharage watu huyaandika kama protini tu, kumbe gramu 200 zilizoiva zina protini kama 17 na wanga kama 45. Lazima yahesabiwe pande zote mbili. Ndiyo maana kutegemea maharage peke yake kufikisha 144 hakuwezekani bila kuvuka wanga. Samaki, kifua cha kuku au dagaa hubeba sehemu kubwa. Unga wa ugali napima mkavu, kabla ya maji, kwani ugali laini na mgumu hutofautiana sana uzito. Gramu 100 za unga ni wanga kama 75.

Mafuta ya kupikia ndiyo huharibu hesabu kuliko kitu kingine. Kijiko kimoja cha chakula ni gramu 14 hivi, kalori zaidi ya 120. Ukimimina kwa kukadiria, vijiko viwili vya ziada hufuta zaidi ya nusu ya zile 400 ulizotoa.

Najipima kila asubuhi na kulinganisha wastani wa wiki kwa wiki. Wastani ukiganda wiki tatu, nakagua kwanza mafuta ya kupikia. Kama yako sawa, natoa gramu 25 za wanga, sawa na kalori 100, na protini naiacha palepale.